Kioo kimezimwa, redio inaendelea: nusu karne ya kusikiliza Ufipa

Mwaka 1974, Mkoa wa Rukwa ulipoundwa kwa kumega Sumbawanga kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora, Zanzibar ilikuwa tayari na televisheni ya rangi. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, na ilibidi isubiri miaka 20 mingine. Muda wote huo, kilichofika Ufipa hewani kutoka Dar es Salaam kilikuwa sauti tu.

Leo runinga zipo, ving'amuzi vipo na nyungo zimepanda juu ya mabati. Hata hivyo si ajabu kuingia sebuleni mjini Sumbawanga ukakuta runinga imewashwa, kioo ni cheusi, na mtangazaji anasoma taarifa ya habari. Mwenye nyumba hajaharibikiwa na chombo. Amekizima kioo makusudi, abaki na redio.

Uwanda ulio juu, mabonde yaliyo chini

Kuelewa kwa nini mtu atumie runinga kama redio, ni lazima kuanza na ardhi yenyewe. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki, uwanda unakatika kwenye Lyamba lya Mfipa na kushuka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo mita kama 800. Magharibi nako ni mteremko hadi Ziwa Tanganyika, kwenye kimo kinachokaribiana na hicho. Kwa hiyo mtu wa Muze au Mtowisa anaishi chini ya ukuta wa kilometa nzima, na wa Kasanga vilevile kwa upande wake.

Redio ya zamani haikusumbuliwa sana na ukuta huo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Ilirusha matangazo kwa masafa ya kati na masafa mafupi. Masafa mafupi yanapanda angani, yanadundwa na tabaka la juu la anga, kisha yanateremka mamia ya kilometa mbele. Mlima hauyazuii, kwa kuwa yanatoka juu. Ubaya wake ni kwamba tabaka lenyewe halitulii. Sauti inakuja na kuondoka, na masafa yanayosikika vizuri mchana yanaweza kuzama usiku.

Watu waliivumilia sauti hiyo kwa sababu haikuwa na mbadala. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vya kusikilizia redio. Kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Watu walisikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Kujifunza jambo zito kwa sikio tu, bila picha, ilikuwa kazi ya kawaida.

Kisha ikaja FM. Sauti yake ni safi, lakini mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, na yakikuta ukingo wa uwanda yanaishia hapo au yanapita kidogo tu. Mjini Sumbawanga, Redio Chemchemi ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga unaipata bila taabu. Ukishuka bondeni, kupata FM kunategemea mtambo uko wapi na nyumba yako imejificha nyuma ya kilima gani. Kwa hiyo teknolojia iliyokuwa bora zaidi iliwaacha pembeni baadhi ya watu ambao ile ya zamani, pamoja na mikwaruzo yake, iliwafikia.

Enzi ya chenga

Televisheni ya Bara ilianza na vituo binafsi mwaka 1994, ITV kikiwa miongoni mwao. Ilikuwa ya analojia, na katika analojia picha na sauti zilisafiri kwa mawimbi mawili yaliyokaa jirani: picha kwa namna yake, sauti kwa FM. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha ndiyo iliyoanza kuumia. Kioo kilijaa chenga, watu wakageuka vivuli, lakini sauti iliendelea kueleweka. Wengi walioishi mbali na mtambo waliangalia runinga kwa masikio bila kupanga.

Zilikuwapo pia redio ndogo kutoka China zenye bendi zilizoandikwa TV1 na TV2. Bendi hizo zilinasa ile sauti ya FM ya vituo vya televisheni vya VHF, hivyo mtu asiye na runinga aliweza kufuatilia tamthiliya kwa betri mbili. Kituo kilichorusha kwa UHF hakikusikika humo. Analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, bendi hizo zilianza kupoteza kazi. Dijitali haina sauti inayosafiri peke yake. Picha na sauti zinafungwa pamoja katika mkondo mmoja wa data, na mawimbi yakishuka chini ya kiwango, picha inaganda na sauti inakatika karibu kwa pamoja.

Redio inarudi kwa njia ya angani

Lakini king'amuzi kilileta kitu ambacho analojia haikuwa nacho. Katika mkondo uleule wa data, mrushaji anaweza kuingiza stesheni za redio kama chaneli zinazojitegemea. Sauti inachukua sehemu ndogo sana ya nafasi inayohitajiwa na picha, kwa hiyo kuongeza redio kadhaa hakumgharimu mrushaji kitu kikubwa. Kwenye rimoti nyingi utaona kitufe cha TV/RADIO. Ukikibonyeza, orodha ya televisheni inaondoka na ya redio inakuja.

Kwa mtu wa bondeni, hapo ndipo mambo yalipobadilika. Setilaiti inayorusha chaneli za king'amuzi cha Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya ikweta. Ukisimama Sumbawanga, ungo wake unaangalia magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika, ukielekea kaskazini kidogo, na unainuka nyuzi kama 60 kutoka mlaloni. Mawimbi yanayotoka juu kiasi hicho hayakingwi na Lyamba lya Mfipa. Kama ilivyokuwa kwa masafa mafupi, sauti inateremka kutoka juu, ila safari hii haipandi na kushuka.

Tatizo likawa umeme. Chaneli ya redio mara nyingi huweka nembo ya kituo juu ya mandhari nyeusi, na watu hudhani kioo cheusi hakili umeme. Katika runinga za kisasa sivyo. Kinachokula umeme ni taa za LED zilizo nyuma ya kioo, nazo kwa kawaida huendelea kuwaka hata picha ikiwa nyeusi. Kujua ni rahisi: zima taa ya chumba usiku. Kioo kikionekana cha kijivu, kikitoa mwanga hafifu ukutani, taa za nyuma zinawaka na umeme unaliwa. Zile runinga za kichogo zilikuwa na hali nyingine. Kupunguza mwanga hadi picha ipotee kuliokoa kiasi, lakini bomba la picha liliendelea kupashwa moto.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka amri ya kuzima kioo pekee. Kwenye menyu, kwa kawaida sehemu ya picha, ya sauti au ya kubana umeme, itaandikwa Picture Off, Screen Off au Audio Only, kutegemea chapa. Ukiichagua, taa za nyuma zinazimika na spika zinaendelea. Ukitaka picha irudi, bonyeza kitufe chochote. Katika runinga nyingi vitufe vya sauti havihesabiwi, ili uweze kuongeza na kupunguza bila kuwasha kioo.

Hesabu ya betri moja

Tuchukue nyumba ya kijijini inayotumia sola, yenye betri ya volti 12 na ampia-saa 50. Betri hiyo ina wati-saa 600, lakini ya asidi haifai kunywewa zaidi ya nusu, kwa hiyo zinazotumika ni 300. Runinga ya inchi 32 tuipe wati 45 na king'amuzi wati 12, jumla 57. Betri itamaliza saa tano na ushee. Kioo kikizimwa, runinga inashuka hadi wati kama 12, jumla inakuwa 24, na betri ileile inafika saa 12 na nusu. Mtu anayetaka kusikiliza tangu alfajiri hadi jioni anaweza, na asingeweza kwa picha. Kama kuna inveta katikati, punguza kidogo, kwani nayo ina mgao wake.

Wengine huiacha runinga kabisa. Nyuma ya king'amuzi kuna matundu matatu ya waya wa AV: la njano ni la picha, jekundu na jeupe ni ya sauti. Chomeka nyekundu na nyeupe kwenye sabufa, ya njano iache ining'inie. King'amuzi kitapiga redio bila runinga, nawe utachagua stesheni kwa kubonyeza namba yake uliyoikariri wakati kioo kilikuwapo. Sabufa ndogo kwa sauti ya wastani inakula wati 15 hivi, kwa hiyo jumla ni 27, na betri inafika saa 11. Hakuna ulichookoa ukilinganisha na runinga iliyozimwa kioo. Faida ya njia hii ni kwa yule ambaye kioo chake kimepasuka, maana kioo kipya kinaweza kukaribia bei ya runinga nyingine.

Pale isipofaa

Mawimbi ya ungo mdogo hunyonywa na mvua kubwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, wingu zito likitanda upande ungo unakoangalia, redio ya king'amuzi itakatika wakati FM ya mjini inaendelea bila wasiwasi. Ikikatika kukiwa na jua, kagua ungo au waya. Kifurushi kikiisha, baadhi ya stesheni zinaweza kuendelea na nyingine zikafungwa. Utajua kwa ujumbe unaotokea kioo kikirudishwa, kwa sababu ukiwa umekizima utasikia kimya tu na kudhani kituo kimekwenda mapumziko.

Na ipo hesabu nyingine inayoishinda hiyo ya awali. Redio ndogo ya wati tatu ingedumu saa 100 kwa betri ileile. Panapoipata FM vizuri, haina mpinzani. Zaidi ya hapo, orodha ya redio kwenye king'amuzi imejaa vituo vikubwa vya Dar es Salaam. Itakupa habari za Bunge na mpira wa Ligi Kuu. Tangazo la msiba wa Kaengesa au bei ya mahindi iliyotajwa leo asubuhi mjini Sumbawanga bado utalisikia kwenye redio ya hapahapa, na kwa aliye chini ya ukingo, hilo ndilo pengo ambalo setilaiti haijaliziba.