Mteja akijibu STOP, usifute namba yake: fanya hivi

Unatuma SMS za matangazo kwa wateja wengi kwa mkupuo? Mteja akijibu STOP, wengi hufuta namba yake kwenye orodha na kuona kazi imeisha. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Chukua mfano wa duka la nguo lenye wateja 800. Mteja mmoja anajibu STOP mwezi wa tatu, namba yake inafutwa. Mwezi wa tano muuza duka anapakia tena faili la Excel la mwaka jana, na yule mteja anapata tangazo kama kawaida. Mfumo haukumbuki chochote, kwa sababu namba ilifutwa pamoja na ombi lake.

Weka orodha ya waliojitoa

Namba ya aliyejitoa ihifadhiwe kwenye orodha ya pekee, pamoja na tarehe aliyojitoa. Kila kabla ya kutuma, linganisha orodha hiyo na ile ya wateja, kisha ondoa zote zinazofanana. Mtumie ujumbe mmoja tu wa kuthibitisha kwamba ametolewa, basi.

Angalia namba zimeandikwaje

Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye faili kama 0712XXXXXX, 712XXXXXX au +255712XXXXXX. Excel hupenda kula sifuri ya mwanzo. Kwa kompyuta hizo ni namba tatu tofauti, hivyo aliyejitoa kwa moja atapata SMS kupitia nyingine. Kwa namba za simu za Tanzania, linganisha tarakimu 9 za mwisho.

Je, STOP inakufikia?

SMS inayotoka kwa jina la duka badala ya namba haiwezi kujibiwa. Ukiandika "Jibu STOP" hapo, unamdanganya mteja. Weka namba anayoweza kuitumia, na ujaribu mwenyewe kwa simu yako kabla ya kutuma. Pia soma majibu: wapo watakaoandika "stop." "acha" au "msinitumie tena". Wote wamejitoa.

Namba zilizokufa

Ripoti ya mfumo huonyesha SMS ambazo hazikufika. Ikishindikana mara moja, huenda simu ilizimwa tu. Ikishindikana kila unapotuma kwa miezi kadhaa, itoe. Laini isiyotumika muda mrefu mtandao unaweza kumpa mtu mwingine, ambaye hajawahi kununua kwako.

Kumbuka: aliyekataa matangazo bado anaweza kutumiwa risiti au taarifa ya mzigo alioagiza, ila usichomeke ofa humo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kumtangazia biashara. Akikulalamikia, ile tarehe uliyohifadhi ndiyo itakayoonyesha ulimwondoa lini.