Ugatuzi wa Fedha nchini Kenya

Ugatuzi wa fedha nchini Kenya ni utaratibu wa kugawa mapato ya taifa na madaraka ya kuyatumia kati ya serikali kuu na serikali 47 za kaunti. Msingi wake ni Katiba ya 2010, na ulianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti zilikabidhiwa kilimo, barabara za mashinani, masoko, elimu ya chekechea, na hospitali zote isipokuwa za rufaa za kitaifa. Kodi kubwa, yaani kodi ya mapato, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, zilibaki mikononi mwa serikali kuu. Kaunti zikaachiwa ada za ardhi na majengo, leseni za biashara, ushuru wa soko na maegesho. Pengo hilo kati ya kazi na kodi ndilo chanzo cha mivutano mingi iliyofuata.

Mgao

Ibara ya 203 inazitaka kaunti zipate kwa jumla angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Asilimia hiyo hupigwa juu ya hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, si juu ya makusanyo ya mwaka husika, na hesabu hizo aghalabu huwa za miaka kadhaa nyuma. Mwaka wa kwanza, 2013/14, mgao ulikuwa shilingi bilioni 190.

Kiasi cha jumla kikishapatikana, Seneti huamua kanuni ya kukigawa miongoni mwa kaunti, ikisaidiwa na mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato. Kanuni ya kwanza iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Asilimia 25 iligawanywa sawa kwa wote, 20 ikafuata umaskini, 8 ukubwa wa eneo, na 2 zilizobaki nidhamu ya matumizi.

Mzozo wa 2020

Kanuni ya tatu iliikwamisha Seneti kwa miezi. Pendekezo lililokuwa mezani lilizinufaisha kaunti zenye watu wengi, zikiwemo Kiambu, Nakuru na Uasin Gishu, na kuzipunguzia kame kama Wajir, Mandera na Marsabit. Upande mmoja ulidai kila mwananchi ahesabiwe shilingi ileile. Wa pili ukajibu kwamba kumfikishia mfugaji wa Mandera zahanati kuna gharama ambayo mkazi wa Thika haijui. Mnamo Agosti polisi waliwakamata maseneta watatu, jambo lililozidisha hasira badala ya kuzituliza. Mwafaka wa Septemba 17 haukumaliza hoja yenyewe, bali uliongeza pesa: mgao ungepanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata, ili asiwepo wa kupoteza. Wakati wa kuusubiri mwafaka huo, kaunti zilikaa bila fedha na mishahara ikachelewa.

Uwajibikaji

Gavana huchaguliwa na wakazi lakini sehemu kubwa ya pesa zake hutoka Nairobi. Kwa hiyo mkazi anayeikuta zahanati haina dawa huambiwa na kaunti kwamba Hazina haijatuma fedha. Hazina nayo hulaumu makusanyo hafifu au matumizi mabaya ya kaunti. Mara nyingi kila upande huwa na sehemu ya ukweli, na hapo ndipo lawama hupotelea.

Mlolongo wa udhibiti ni mrefu. Mdhibiti wa Bajeti huidhinisha pesa kabla hazijatoka kwenye Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Mkaguzi Mkuu hutoa ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa Juni 30, na ripoti hiyo hupelekwa katika bunge la kaunti na Bunge la nchi. Ikifika mikononi mwa wawakilishi wadi, pesa zimekwisha kutumika. Wawakilishi hao nao humtegemea gavana kwa miradi ya wadi zao, hivyo huwa wapole hadi wanapokosana naye.

Udhibiti wenyewe unaweza kuumiza huduma. Kwa kuwa mapato yote yalipaswa kuingia katika mfuko wa kaunti, ada aliyolipa mgonjwa kwenye dirisha la hospitali ilisafiri hadi makao makuu, na hospitali ikasubiri irudi ili inunue glavu na dawa. Sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya iliziruhusu hospitali kubaki na mapato hayo.

Kumwondoa gavana kunahitaji theluthi mbili ya wawakilishi wa bunge la kaunti, kisha uamuzi wa Seneti. Martin Wambora wa Embu aliondolewa mara mbili mwaka 2014, akarejeshwa na mahakama, na kuchaguliwa tena 2017.

Tanzania

Mvutano kama huo kati ya kazi na kodi umeonekana pia katika nchi jirani ya Tanzania: serikali za mitaa zilirejeshwa kwa sheria za 1982, lakini kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016.

Miaka ya karibuni

Nchini Kenya, mgao wa 2024/25 uliwekwa bilioni 400.1, kisha ukashushwa hadi 387.4 baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa kufuatia maandamano.