Urejeshaji wa nyuso ndogo pichani

Urejeshaji wa nyuso ni kazi ya kompyuta kuikuza sura iliyofifia hadi itambulike. Ugumu wake ni kwamba maelezo yaliyopotea hayarudi; programu huyabuni kwa kufuata nyuso ilizofunzwa nazo.

Mfano mashuhuri ni programu ya PULSE, ya Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2020. Ilipokea uso wa pikseli 16 kwa 16 na kutoa wa 1024 kwa 1024, yaani kila pikseli moja ilizaa 4,096. Ilipopewa picha ya Barack Obama iliyofifizwa, ilitoa uso wa mzungu. Hesabu yake, ajabu, haikukosea: sura hiyo ikipunguzwa tena hukaribiana na picha ndogo iliyopewa. Nyuso nyingi tofauti zikipunguzwa hufanana, na programu huelekea zile ilizozizoea.

Programu nyingine, CodeFormer ya mwaka 2022, humwachia mtumiaji kipimo `w`, kuanzia 0 hadi 1. Karibu na 0 uso hung'aa lakini huweza kuwa wa mtu mwingine. Karibu na 1 hufuata picha ya awali, pamoja na kasoro zake. Ndiyo maana matokeo hulinganishwa na picha nyingine safi ya mhusika: umbo la sikio, kovu, nafasi kati ya macho.