Chakula cha mpira: uji wa nyumbani au cha kopo?

Mgonjwa wa kiharusi aliyeshindwa kumeza mara nyingi hurudi nyumbani na mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni. Nesi humwonyesha mke au binti jinsi ya kumimina chakula kwa bomba kubwa la sindano. Chakula cha kopo kinachouzwa duka la dawa ni ghali, na nyumbani unga upo. Basi anapikiwa uji.

Uji wenyewe hauna kosa. Tatizo huanza pale unapogoma kupita, mlezi akaongeza maji. Tumbo la mgonjwa linajaa, lakini anakonda.

Tuchukue baba anayehitaji takriban kalori 1,500 kwa siku. Analishwa mara 6, kila mara mililita 250, yaani lita moja na nusu. Chakula cha kopo cha kawaida, kikichanganywa kama kopo linavyoelekeza, kina takriban kalori moja kwa kila mililita, kwa hiyo hesabu inatimia. Kina pia protini, vitamini na madini yaliyopimwa. Sasa weka uji mwepesi wa gramu 100 za unga wa mahindi kwa lita, na vijiko viwili vya sukari. Lita moja na nusu itampa kalori kama 700 tu, na protini gramu 12 hivi, wakati anahitaji 50 au zaidi.

Uji huo unaweza kunenepeshwa bila kuwa mzito. Kwa lita moja, pika vijiko 10 vya mezani vya unga, bila kuvijaza kilima, kwenye nusu lita ya maji. Ongeza nusu lita ya maziwa, vijiko viwili vya mafuta ya kula, viwili vya karanga zilizosagwa laini kabisa (zenye ukungu tupa) na kimoja cha sukari. Hapo unafika karibu kalori 1,000 na protini gramu 30. Mafuta ndiyo msaada mkubwa, kwa sababu kijiko kimoja kina kalori kama 120 na hakizibi mpira.

Uzito wa unga unapunguzwa kwa kimea cha ulezi, kile kile bibi zetu walichotumia kwenye togwa. Kabla ya kutia maziwa, uji uliokwisha kuiva uache upoe hadi uwe wa moto wa kuvumilika, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea kwa kila kikombe, koroga na usubiri dakika kama 10. Utaona unalegea. Kisha tia vingine vyote na uchemshe tena, maana kimea kibichi hubeba vijidudu. Ukitia kimea uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi.

Saga kwa blenda ukiwa nayo, na kwa vyovyote chuja kwa chujio la matundu madogo. Halafu jaribu: toa kisukumio cha bomba, mimina chakula kikiwa vuguvugu, kiteremke chenyewe. Kikisimama ni kizito, usikisukume kwa nguvu. Mpira wa puani mwembamba huziba upesi, ule mpana wa tumboni huvumilia zaidi. Pitisha mililita 30 za maji safi yaliyochemshwa kabla na baada ya mlo. Mpira ulioshuka hadi kwenye utumbo usipitishwe chakula cha kupika nyumbani kabisa.

Kwa usafi, kopo lina nafuu lakini si kinga: unga wake nao huchanganywa na maji yaliyochemshwa, kwa chombo safi. Chakula cha nyumbani kisikae nje zaidi ya saa 2. Bila friji, pika cha mlo mmoja tu na kinachobaki watu wengine wale. Kwenye friji kisizidi saa 24. Kuharisha kukianza, mimi ningeangalia kwanza bomba la sindano na sufuria kabla ya kulaumu chakula.

Kila mlo, mwinue mgonjwa kichwa na kifua, na abaki hivyo nusu saa hadi saa nzima. Angalia alama kwenye mpira pale unapoingia puani. Ikiwa imesogea, au anakohoa na kuhema kwa shida, acha kulisha na umpeleke kituoni.

Uji huu bado ni pungufu wa vitamini na madini, kwa hiyo mtaalamu wa lishe aupitie, hasa kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Mtoto wa chini ya miezi 6 haumhusu.

Kama mlezi ni mmoja, anakwenda shamba asubuhi na maji ni ya kuchota mbali, kopo kwa milo ya mchana na uji kwa asubuhi na jioni ni mpango unaotekelezeka. Mpime mgonjwa kila wiki kwa mizani ile ile. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, rudi hospitali na daftari la kiasi ulichompa kila siku.