Je, maziwa ya ng'ombe yanawafaa mbwa na paka?

Katika maghala ya Rumonge, ambako magunia ya ndagala wakavu na madumu ya mawese hungoja magari ya kwenda Bujumbura, paka ni mlinzi mwenye kazi yake. Panya akitoboa gunia usiku mmoja tu, hasara huonekana kwenye mizani asubuhi. Ndiyo maana wengi wenye maghala, kuanzia hapo mjini hadi Nyanza-Lac, humpa paka wao ujira unaodhaniwa kuwa bora kuliko wote, nao ni kibakuli cha maziwa ya ng'ombe. Paka hunywa hadi tone la mwisho. Saa chache baadaye, au kesho yake alfajiri, anaharisha pembeni mwa magunia. Mwenye ghala hushuku kwamba maziwa yalikuwa yamechacha, au kwamba paka amekula uozo ufukweni.

Mara nyingi maziwa hayakuwa na kasoro yoyote. Kilichomwendesha paka ni sukari iliyomo ndani ya maziwa yenyewe, inayoitwa laktosi, na tumbo la mnyama mzima lisilo tena na chombo cha kuivunja.

Kila mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina takriban gramu 4.8 za laktosi. Sukari hii imeundwa kwa sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na katika hali hiyo ya kushikana haiwezi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Sharti kwanza ikatwe vipande viwili. Kazi ya kukata hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hutengenezwa na chembechembe zilizoko juu ya ukuta wa utumbo mwembamba. Mtoto wa paka au wa mbwa huzaliwa akiwa nacho kwa wingi, kwa sababu chakula chake chote ni maziwa ya mama. Anapofikia umri wa wiki tatu au nne huanza kuonja chakula kigumu, na kufikia wiki ya sita hadi ya nane kwa kawaida huwa ameachishwa ziwa. Kuanzia hapo mwili hupunguza utengenezaji wa laktasi. Huo si ugonjwa, bali ni utaratibu wa kawaida wa wanyama wanyonyeshao, ambao porini hawakutani tena na maziwa baada ya utoto.

Kiasi kidogo cha kimeng'enya hubaki, na kiasi hicho hutofautiana kati ya mnyama na mnyama. Kwa hiyo jirani anayeapa kwamba mbwa wake hunywa maziwa kila siku bila shida huenda anasema kweli, na ushuhuda wake usimshawishi mwenye mbwa mwingine. Jambo la kuuliza ni hili: je, laktosi iliyoingia tumboni imezidi laktasi iliyosalia?

Tuchukue mfano wa paka wa ghala mwenye uzito wa kilo 3, aliyemiminiwa kikombe kimoja cha chai, yaani mililita 150. Humo mna takriban gramu 7 za laktosi. Kwa mwenye ghala hicho ni kidogo, kwani yeye mwenyewe hukimaliza kwa mafunda machache. Lakini tukilinganisha kwa uzito wa mwili, ni sawa na mtu wa kilo 60 kunywa lita 3 za maziwa kwa mkao mmoja. Tena kikombe hicho kina karibu kilokalori 100, ambazo ni kama nusu ya chakula ambacho paka wa ukubwa huo anahitaji kwa siku nzima.

Sasa tuifuate sukari hiyo. Sehemu ambayo haikukatwa inabaki ndani ya utumbo, na sukari iliyoyeyuka huvuta maji. Kama gramu zote 7 zingebaki bila kukatwa, zingeweza kushikilia takriban mililita 70 za maji ndani ya utumbo, maji ambayo yangepaswa kurudi mwilini. Mzigo huo unasukumwa hadi utumbo mpana, ambako bakteria huupokea kwa furaha. Bakteria huichachua laktosi, na uchachu huo huzaa gesi pamoja na asidi. Gesi hulivimbisha tumbo na kulifanya lingurume. Maji yaliyonaswa, pamoja na asidi hizo zinapozidi, hutoka kama kinyesi chepesi chenye harufu ya uchachu. Kuhara huku hakutokani na sumu wala na vijidudu vilivyoletwa na maziwa. Bakteria wanaohusika walikuwa tumboni tangu zamani, wakapewa tu chakula ambacho hawakukizoea.

Hapa yafaa kuondoa dhana chache zinazosikika sana mwambaoni. Ya kwanza ni kwamba maziwa yakichemshwa hayaharishi. Kuchemsha ni lazima kwa sababu nyingine kabisa, kwani huua viini vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, maradhi yanayoweza kumfikia mtu kupitia maziwa mabichi. Lakini laktosi hustahimili sufuria, na maziwa yaliyochemka huwa nayo ileile. Dhana ya pili ni kwamba maziwa ya mbuzi ni salama. Nayo yana laktosi kwa kiasi kinachokaribia sana cha ng'ombe, kwa hiyo paka anayeharishwa na haya ataharishwa na yale. Maziwa ya unga ya dukani ni makali zaidi, maana maji yameondolewa na sukari ikabaki: zaidi ya theluthi moja ya uzito wa unga wa maziwa yasiyotolewa mafuta ni laktosi. Mtoto anayemwagia paka kijiko cha unga mkavu anampa laktosi nyingi kuliko ya vijiko kadhaa vya maziwa ya kawaida.

Maziwa ya mgando yana hali yake. Kabla ya maziwa yanayoshuka kutoka milima ya Bururi kunyweka huku ziwani, joto mara nyingi huwa limekwisha kuyagandisha, na wengi wetu ndivyo tunavyoyapenda. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi, ndiyo maana ya ule ukali ulimini. Isitoshe, bakteria hao wana kimeng'enya chao wenyewe, ambacho huendelea kukata sukari hata baada ya kumezwa. Kijiko cha mgando usiotiwa sukari kwa hiyo humsumbua mnyama kidogo kuliko kijiko cha maziwa mabichi. Hata hivyo laktosi nyingi bado imo, na bakuli zima litaleta matokeo yaleyale.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wengi wa nyanda za ufugaji hunywa maziwa hadi uzeeni bila tatizo. Mwaka 2007, kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walibaini mabadiliko ya jeni yanayoiwezesha laktasi kuendelea kutengenezwa ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo yalienea katika jamii zilizoishi kwa mifugo kwa maelfu ya miaka. Wasiokuwa nayo, nao ni wengi duniani, hupatwa na yaleyale yanayompata paka wa ghala. Katika nyumba moja ya Rumonge inawezekana baba akanywa nusu lita akalala vizuri, mama akavimbiwa, na mbwa akaharisha uani, wote kwa maziwa ya chungu kimoja.

Mwenye mnyama atajuaje kwamba chanzo ni laktosi na si maradhi? Dalili ya kwanza ni muda. Kuhara kwa laktosi huanza siku hiyohiyo maziwa yaliponywewa, au usiku wake. Mnyama hana homa, bado ana hamu ya kula, anacheza au kuwinda kama kawaida. Jaribio lenyewe ni jepesi. Maziwa yaondolewe kabisa kwa siku tatu, mnyama apewe maji safi na chakula alichokizoea. Kwa pwani hii hicho chaweza kuwa samaki aliyechemshwa bila chumvi wala pilipili, miiba ikatolewa. Kinyesi kikishikamana ndani ya siku moja au mbili, shaka inalielekea bakuli la maziwa. Anayetaka hakika zaidi ampe kijiko kimoja cha mezani, mililita 15, chenye laktosi isiyofika gramu moja, kisha atazame. Wanyama wengi wazima hustahimili kiasi hicho. Kuhara kukirudi hata kwa kijiko hicho, mnyama huyo na maziwa waachane. Yawezekana pia kwamba mwili wake unaikataa protini ya maziwa, jambo ambalo ni tofauti na laktosi na mara nyingi huambatana na kujikuna.

Kuhara kusikokoma baada ya maziwa kuondolewa, kinyesi chenye damu, kutapika mfululizo au kukataa chakula, hayo si mambo ya laktosi. Minyoo inaweza kuwa sababu, na kwa mtoto wa mbwa asiyechanjwa kuna hatari ya virusi vya parvo, vinavyoua kwa siku chache. Ukiivuta juu ngozi ya shingo na ikakawia kurudi mahali pake, mwili umekwisha kupungukiwa na maji, na daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo.

Limebaki suala la watoto waliofiwa na mama, ambalo huleta majonzi mengi kuliko yote. Hawa laktasi wanayo, na watu hudhani kwamba kwao maziwa ya ng'ombe hayana neno. Tatizo lao ni kwamba maziwa ya mbwa yana nguvu zaidi ya mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, mafuta na protini zake zikiwa karibu mara mbili au zaidi, ilhali laktosi yake ni ndogo, kama gramu 3.5 kwa kila mililita 100. Ili mtoto apate nguvu iliyomo katika mililita 100 za maziwa ya mama yake, itambidi anywe zaidi ya mililita 200 za maziwa ya ng'ombe, na pamoja nazo ameze laktosi takriban mara tatu ya ile aliyoumbiwa. Hapo hata laktasi ya utotoni huzidiwa. Wanaoyaongezea maji ili "yawe mepesi tumboni" huzidisha madhara, kwani mtoto sasa hunywa maji mengi na kukonda huku tumbo limejaa. Njia iliyo bora ni kumtafutia mbwa au paka mwingine anayenyonyesha, maana mara nyingi humkubali mgeni akichanganywa na watoto wake na kupata harufu yao. Akikosekana, yatafutwe maziwa ya unga yaliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa mbwa au wa paka. Maziwa ya ng'ombe yatumike kwa siku moja au mbili tu wakati mengine yanatafutwa, kidogo kidogo, yakiwa vuguvugu, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.