Mkwamo wa Nyongo wa Mimba: Istilahi na Maana Yake

Katika ufukwe wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge na kuteremka kusini hadi Kabonga, daftari la zahanati huandikwa kwa Kifaransa, na mkunga huzungumza na mama kwa Kirundi au kwa Kiswahili. Na yapo maradhi ambayo katika daftari yana jina refu, walakini mdomoni hayana jina hata moja. Maradhi hayo ni kolestasi ya ujauzito ya ndani ya ini. Asili ya neno kolestasi ni Kiyunani, sehemu yake ya kwanza ikiwa nyongo na ya pili kusimama, nasi tukiambiwa tulitie katika Kiswahili twaweza kusema mkwamo wa nyongo.

Nimelichagua neno mkwamo, nikaacha kuziba, kwa sababu iliyo dhahiri kwa kila aliyepata kusoma jinsi ini lifanyavyo kazi. Kinachoziba ni mfereji, kama vile jiwe linavyoziba njia ya nyongo nje ya ini. Na katika maradhi haya mfereji u wazi, illa chembe za ini zenyewe, zilizolemewa na homoni za mimba, hasa kwa wanawake waliorithi udhaifu katika vijisukumio vya kutoa nyongo, hushindwa kuitoa kwa kadiri itakiwayo. Ndiyo maana maneno ya ndani ya ini yasiachwe. Kwani nyongo kwa Kiswahili ni maji yale machungu na pia ni kifuko chake, na msikilizaji asipoambiwa ini huenda akadhani kifuko ndicho kilichoharibika. Ama neno safura, ingawa asili yake ya Kiarabu yafungamana na manjano ya nyongo, kwetu limekwisha kushika maana ya kupauka na kuvimba kuletwako na minyoo, na kulirudisha huku kungezidisha utatanishi.

Nyongo isipotoka, asidi zake hurudi katika damu, na dalili kubwa ya kwanza ni mwasho. Na tumfikirie mama wa Kabonga, muuza ndagala, mwenye mimba ya tatu iliyotimia majuma thelathini na tatu, ambaye kwa siku kadhaa amekuwa akijikuna viganja na nyayo. Nyumbani imedhaniwa kuwa ni sabuni mpya ya mawese, kisha chumvi ya samaki, naye amejipaka mafuta wala hakupata nafuu.

“Mama, mwasho huu wazidi saa ngapi?” mkunga amwuliza.

“Usiku, dada. Mchana nasahau, usiku silali.”

“Na wa nyumbani kwako, nao wajikuna?”

“Hapana, mimi peke yangu.”

Maswali hayo mawili yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Upele wa kuambukizana huwapata watu wa nyumba moja na huacha vijishimo na vipele baina ya vidole; na ule mwasho mwingine wa mimba wenye vivimbe huanza tumboni, penye michirizi ya ngozi iliyotanuka. Huyu hana kipele. Mkunga akimtazama miguu kwa taa ataona michubuko ya kucha, na michubuko hiyo si upele, bali ni matokeo ya kujikuna; atakayeyachanganya hayo mawili atampa dawa ya ngozi na kumrudisha nyumbani. Macho kugeuka manjano kusingojewe, maana wengi hawafikii hapo.

Kithibitishacho ni kupima asidi za nyongo katika damu. Kipimo hiki si cha kidole na matone mawili; chahitaji maabara kubwa, na kwa mtu wa ufukweni maana yake ni damu au mgonjwa mwenyewe kusafiri hadi mjini. Vipimo vya kawaida vya ini huweza kusaidia, walakini vikiwa sawa havitoi hukumu ya mwisho. Si lazima mama afunge: mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2022 wahesabu kuwa ni maradhi pale damu iliyochukuliwa wakati wowote itakapoonyesha maikromoli 19 kwa lita au zaidi. Na kama kipimo cha kwanza ni safi huku mwasho ukiendelea, hurudiwa, kwa kuwa mwasho huweza kutangulia asidi.

Hatari yenyewe si kwa mama, ambaye taabu yake kubwa ni usingizi uliopotea. Ni mtoto kufia tumboni kwa ghafula, yamkini kwa kuvurugika mapigo ya moyo wake. Zamani tabibu alizoea kuwazalisha wote mapema, takriban juma la thelathini na saba. Mwaka 2019 Caroline Ovadia na wenzake walikusanya habari za maelfu ya mimba za namna hii, wakabainisha kuwa hatari haikugawanyika sawasawa: kwa wenye mtoto mmoja tumboni na asidi chini ya 40, waliofiwa walikuwa asilimia 0.13, baina ya 40 na 99, asilimia 0.28, na kuanzia 100, asilimia 3.44, yaani karibu mmoja katika kila ishirini na tisa. Makundi mawili ya kwanza hayakuzidi hatari ya mimba za kawaida katika nchi zilizochunguzwa, na hapo ndipo hesabu ya tarehe ilipobadilika.

Basi tumrudie mama yetu. Jibu lake la kwanza ni 46, na lau lingebaki hapo angezalishwa katika juma la thelathini na nane au la thelathini na tisa. Lau lingekuwa 25, angengoja hadi karibu na arobaini. Lakini kipimo kikirudiwa juma la thelathini na tano kikatoka 118, mwongozo wataka azae katika juma la thelathini na tano au thelathini na sita. Dawa ya asidi ya ursodioksikoliki haitoi ruhusa ya kungoja: jaribio la Lucy Chappell na wenzake, lililochapishwa mwaka huo huo wa 2019, halikuona kuwa inapunguza madhara kwa mtoto. Wala kusikiliza moyo wa mtoto leo hakutoi dhamana ya kesho, kwa sababu kifo hiki aghalabu hakitoi ishara.

Hapa ndipo mimi naona mwongozo wa ng’ambo uchukuliwe kwa hadhari. Majuma thelathini na tano ya London yamehesabiwa kwa picha ya mapema ya tumbo. Ya Kabonga huenda yakawa ni kumbukumbu ya hedhi ya mwisho, na kosa la majuma matatu humfanya mtoto wa thelathini na tano awe wa thelathini na mbili, mwenye mapafu ambayo hayajakomaa. Tangu mwaka 2006 kujifungua katika hospitali za serikali za Burundi hakutozwi fedha. Walakini hospitali ya kumpeleka huyu ni ile yenye oksijeni na mahali pa kumtia joto mtoto mchanga, naye apelekwe kabla ya uchungu, si baada yake.

Akishajifungua, mwasho huisha kwa siku au majuma machache. Vipimo vya ini hurudiwa baada ya majuma manne au zaidi, na visiporudi sawa, jina la mkwamo wa nyongo wa mimba halimfai tena na yatafutwe maradhi mengine ya ini. Vikirudi sawa, iandikwe kadini mwake kwamba mimba ijayo yaelekea kumletea mwasho huo huo, na kwamba akitaka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aeleze kwanza yaliyompata.