Uhamisho wa ardhi ya marehemu (Tanzania)

Uhamisho wa ardhi ya marehemu ni utaratibu wa kisheria unaotoa kiwanja, nyumba au shamba katika jina la mtu aliyefariki na kuliweka katika jina la mrithi wake. Katika Tanzania Bara utaratibu huo hupitia mahakamani kwanza, ndipo ufike ofisi ya ardhi. Sheria kuu ni Sheria ya Usimamizi wa Mirathi (Sura 352) na, kwa mahakama za mwanzo, Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu (Sura 11) pamoja na kanuni zake za mwaka 1971.

Jambo linalochanganya watu wengi ni kwamba ardhi haitoki kwa marehemu moja kwa moja kwenda kwa mrithi. Katikati yupo msimamizi wa mirathi, na ardhi yenye hati miliki husajiliwa mara mbili: kwanza kwa jina la msimamizi, kisha kwa jina la mrithi.

Kuchagua mahakama

Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi ya marehemu ambaye mambo yake yanaongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu. Mirathi nyingine hupelekwa mahakama za juu yake, hadi Mahakama Kuu. Kama marehemu aliacha wosia uliomtaja msimamizi, huyo ndiye huomba, na mahakama huthibitisha wosia. Kama hakuna wosia, mahakama huteua msimamizi na kumpa barua ya usimamizi.

Kwa mahakama ya mwanzo, kinachoangaliwa ni mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu alipofariki, si mahali ilipo ardhi. Mtu aliyekuwa akiishi Morogoro na kuacha shamba Kilosa, mirathi yake hufunguliwa Morogoro. Shauri lililofunguliwa penye shamba kwa sababu ndugu wanaishi huko linaweza kufutwa baada ya miaka, na yote yaliyofanywa chini yake yakayumba.

Kuteuliwa kwa msimamizi

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume Muislamu, mkazi wa Morogoro, amefariki bila wosia. Ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, nyumba yenye hati miliki na deni dogo dukani. Wazazi wake walishafariki.

Familia huanza kwa kupata cheti cha kifo. Kisha hukaa kikao cha ukoo, huandika muhtasari wenye majina ya warithi wote na kumpendekeza msimamizi, tuseme mtoto wa kwanza. Kikao hiki ni desturi zaidi kuliko sharti la sheria, lakini mahakimu wengi huuliza muhtasari wake, kwa kuwa unaonyesha nani anajua kuhusu maombi na nani hajui. Mtoto huyo hujaza Fomu namba 1, na mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya siku ya kusikilizwa.

Ni katika hatua hii mrithi huachwa nje kwa makusudi. Watoto wa mama mwingine, au mjane ambaye wakwe hawampendi, hawatajwi kwenye muhtasari. Mwenye kuachwa anapaswa kufika mahakamani mapema na kuweka pingamizi. Asipojua kwa wakati, bado anaweza kuomba uteuzi utenguliwe kwa sababu ulipatikana kwa kuficha ukweli, ingawa kazi huwa ngumu zaidi ikiwa nyumba imeshauzwa.

Kazi ya msimamizi

Barua ya usimamizi haimfanyi msimamizi kuwa mmiliki. Inampa mamlaka ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki. Mahakama yenyewe haigawi. Mahakama Kuu ilieleza hivyo katika uamuzi wa mwaka 1986, ikisema pia kwamba anayedai mali fulani ni yake amshtaki msimamizi, au msimamizi ndiye ashtaki.

Katika mahakama ya mwanzo, msimamizi huwasilisha ndani ya miezi minne Fomu namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni. Baadaye hupeleka Fomu namba 6, inayoonyesha hesabu na jinsi mali ilivyogawanywa. Katika Mahakama Kuu orodha hutakiwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Mahakama inaweza kuongeza muda ikiombwa.

Kabla ya kugawa, msimamizi hutenga kisichokuwa cha marehemu. Mjane aliyechangia kujenga nyumba ana haki yake mwenyewe humo, na sehemu hiyo haiingii katika mirathi. Hati nayo isomwe vizuri: ikiwa mume na mke walisajiliwa kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, aliyebaki hai huchukua yote, ikiwa kila mmoja ana hisa yake, hisa ya marehemu pekee ndiyo hugawanywa.

Tuseme katika mfano wetu nyumba yote ilikuwa ya marehemu. Baada ya mazishi na deni kulipwa, mjane hupata nusu ya robo, yaani moja ya nane. Saba ya nane zinazobaki huenda kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Tukigawa nyumba katika sehemu 40, mjane ana 5, kila mtoto wa kiume 14, na binti 7. Nyumba haiwezi kukatwa hivyo, kwa hiyo warithi hukubaliana: wauze na kugawana fedha, mmoja awalipe wenzake, au wote wasajiliwe kwa hisa hizo.

Ofisi ya ardhi

Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi (Sura 334), msimamizi hupeleka kwa Msajili wa Hati barua ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama pamoja na hati miliki, aandikwe badala ya marehemu. Jina lake huandikwa kwa wadhifa wa msimamizi. Baada ya hapo ndipo hutia saini uhamisho kwa warithi au kwa mnunuzi. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa huwa kikwazo cha kawaida hapa. Na hati ikiwa imepotea, lazima kwanza upotevu utangazwe na hati mpya iombwe.

Mrithi anayehofia nyumba kuuzwa kwa siri anaweza kuweka zuio kwa Msajili. Mnunuzi naye aulize barua ya usimamizi na akubaliane na warithi, maana ndugu aliyeuza kabla ya kuteuliwa hakuwa na mamlaka ya kuuza.

Shamba la kijijini lisilosajiliwa halipiti kwa Msajili wa Hati. Msimamizi hulipeleka kwa halmashauri ya kijiji, ambako mrithi anaweza kuombewa hatimiliki ya kimila.

Faili lisilofungwa

Mara nyingi familia husimama baada ya kupata barua ya usimamizi, na nyumba hubaki kwa jina la marehemu. Msimamizi akifariki, wadhifa wake haurithiwi na mwanawe; lazima mwingine ateuliwe. Wakati huo baadhi ya warithi nao wamefariki, kila mmoja akiwa na mirathi yake ya kufunguliwa. Katika mahakama za juu, ombi linaloletwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu tangu kifo hutakiwa kueleza sababu ya kuchelewa.

Zanzibar ina sheria zake: mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.